Uzi: Kirefu cha TASAC ni nini, na je, ndiyo SUMATRA ile ile?

#1 Mvuvi wa Nansio

Wakuu habari za majukumu. Naomba mwenye ufahamu anisaidie.

Nimenunua boti ya mbao yenye mashine kutoka kwa mzee mmoja hapa Ukerewe anayeacha uvuvi. Kanipa karatasi zote alizokuwa nazo. Ile kubwa, yenye maelezo ya boti na kibali cha kubeba watu na mizigo, ina muhuri wa SUMATRA na imetoka 2014. Sasa mwaloni naambiwa karatasi hii haifai tena, nikatafute ya TASAC. Nimeuliza watu watatu kirefu cha TASAC na nimepata majibu matatu. Mmoja kanihakikishia ni wale wa kaya maskini.

Ninachotaka kujua ni hiki: TASAC kirefu chake nini, kazi yake nini, na je, ni SUMATRA waliobadilisha jina au ni chombo kingine kabisa? Nisije nikalipia kitu mara mbili. Halafu ningependa kujua namna ya kutafuta mwenyewe, maana kesho nitakutana na kifupisho kingine na sitakuwa na wa kumuuliza.

#2 Chalinze Mpya

Mkuu usihangaike. TASAC ni SUMATRA, wamebadilisha jina tu, kama TFDA ilivyobadilika kuwa TMDA. Serikali hupenda kubadilisha majina. Chukua karatasi yako ya zamani, nenda ofisini kwao, watakubadilishia. Mabasi nayo yalikuwa SUMATRA, leo ni LATRA. Kitu ni kile kile.

#3 Mama Neema

Samahani, hawa si ndio wanaosaidia vikundi vya kijasiriamali? Sisi huku tuna kikundi cha akina mama kumi na wawili, tunakausha dagaa. Kama wanatoa boti kwa vikundi naomba utaratibu wa kujiandikisha.

#4 Karani Mstaafu

Mama Neema, unaowafikiria ni TASAF. Tofauti ni herufi ya mwisho tu, na hiyo herufi ndiyo inayobeba habari yote. F ya mwisho kwenye vifupisho vya serikali yetu karibu kila mara ni Fund, yaani mfuko, mahali fedha zinapokusanywa na kugawiwa: TASAF, NSSF, PSSSF, NHIF. Kwa hiyo TASAF ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. C ya TASAC ni Corporation, yaani shirika. Kwa habari ya kikundi chako, anza na afisa maendeleo ya jamii wa kata, ndiye atakayekuelekeza mlango sahihi.

Mvuvi, nimefanya kazi masjala kwa muda mrefu, na kazi ya masjala ni kupokea barua za taasisi ambazo hujawahi kuzisikia na kujua ziende faili gani. Nitakuonyesha tulivyokuwa tunafanya, kwa vifupisho vyako hivyo hivyo.

Kwanza usisome kifupisho kwa kudhani kila herufi inasimamia neno moja. Chukua SUMATRA. Kirefu chake kilikuwa Surface and Marine Transport Regulatory Authority. Tazama kilivyokatwa: SU imetoka kwenye Surface, MA imetoka kwenye Marine, kisha T, R na A zimetoka herufi mojamoja kwenye maneno matatu ya mwisho. "And" imetupwa. Walichukua herufi mbilimbili mwanzoni ili jina litamkike. Wangechukua mojamoja wangepata SMTRA, ambayo hakuna kondakta angeweza kuitamka.

Sasa LATRA. LA ni Land, halafu T, R, A zile zile: Transport Regulatory Authority. Kwa hiyo ukiiona TRA mwishoni mwa LATRA usidhani watu wa mapato wamo ndani. TRA ya mapato ni Tanzania Revenue Authority. Herufi zimefanana, maneno ni mengine.

TASAC sasa. TA ni Tanzania, S ni Shipping, A ni Agencies, C ni Corporation. Kwa Kiswahili wanaitwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Hicho ndicho kirefu. Lakini kirefu hiki hakitakutosha, na swali lako la pili, la kazi yake, ndilo gumu zaidi. Nitarudi jioni.

#5 Chalinze Mpya

Karani nakuheshimu, lakini naona unazungusha. Mimi nimesema kitu ni kile kile na bado nasimamia hapo. Halafu hiyo ya herufi ya mwisho inajulikana: A siku zote ni Authority, mamlaka. Ukishaona A mwishoni, ujue hao wanaweza kukutoza faini.

#6 Karani Mstaafu

Chalinze, twende taratibu, kwa sababu mambo mawili uliyosema yana ukweli nusu nusu.

La A. Inaweza kuwa Authority na inaweza kuwa Agency, yaani wakala. BRELA mwisho wake ni Agency. TARURA hali kadhalika, na TEMESA. Wakala wengi wa serikali wamezaliwa chini ya sheria moja ya jumla ya mwaka 1997, Sheria ya Wakala za Serikali. Waziri hutoa amri kwenye Gazeti la Serikali, wakala anaanza kazi, na anabaki chini ya wizara yake. Mamlaka kwa kawaida ina sheria yake yenyewe iliyopita bungeni, yenye jina lake. Kwa mtu anayetafuta kirefu hii ni njia panda: ukijua ni wakala unatafuta tangazo kwenye Gazeti la Serikali, ukijua ni mamlaka unatafuta sheria. Ila usilifanye msumari. RUWASA ya maji vijijini inaitwa wakala, lakini imewekwa na sheria ya maji ya 2019 yenyewe.

La TFDA na TMDA. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini "wamebadilisha jina tu" ni jibu la hatari. TFDA ilikuwa Tanzania Food and Drugs Authority, chakula na dawa. Mwaka 2019 chakula kilihamishiwa TBS, na chombo kilichobaki kikaitwa Tanzania Medicines and Medical Devices Authority. Angalia ile D. Kwenye TFDA ilikuwa Drugs, dawa. Kwenye TMDA ni Devices, vifaa tiba. Herufi imekaa karibu pale pale, neno limebadilika. Mwenye kiwanda cha unga aliyesema "ni wale wale" angepeleka maombi yake kwa watu ambao hawashughuliki tena na unga.

SUMATRA nayo haikubadilishwa jina, iligawanywa. Upande wa majini ulikwenda TASAC, iliyowekwa na sheria ya 2017 na kuanza kazi 2018. Upande wa nchi kavu ulibaki SUMATRA kwa muda kidogo mpaka LATRA ilipowekwa 2019. Kwa hiyo Chalinze uko sahihi kwamba boti ya Mvuvi inahusika na TASAC. Lakini daladala yenye karatasi ya SUMATRA ya mwaka ule ule wa 2014 haihusiki nao hata kidogo.

#7 Mvuvi wa Nansio

Shukrani sana wakuu. Sasa nimeelewa kirefu, ila nimezidi kuchanganyikiwa. Shirika la Uwakala wa Meli. Mimi sina meli, nina boti ya mbao. Wala sitafuti wakala. Kama si mtu wa mwaloni kuniambia, ningeliona jina hili kwenye orodha ningelipita. Inakuwaje uwakala wa meli wakague boti yangu?

#8 Forodha Kwanza

Ngoja niingie, maana mimi nimewajua TASAC kwa mlango mwingine kabisa. Niko Dar, kazi yangu kugomboa mizigo bandarini.

Meli ya kigeni inapokuja Dar es Salaam, mwenye meli yuko mbali. Anahitaji mtu wa hapa wa kumshughulikia: kutoa taarifa bandarini kabla ya meli kufika, kutayarisha nyaraka za shehena, kulipa tozo, kushughulika na mabaharia, kutoa oda ya mwenye mzigo kuchukua mzigo wake. Huyo ndiye wakala wa meli. Zamani kazi hiyo ilishikwa na kampuni ya umma, NASACO, National Shipping Agencies Company. Ilikuwa peke yake mpaka biashara ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi. Watu wa bandarini wa umri wangu wanaikumbuka vizuri.

Sheria ya 2017 ilipokuja, sisi tuliisoma kama NASACO inarudi. Jina lenyewe linafanana, na sheria iliwapa TASAC kazi ambazo kampuni binafsi haziruhusiwi kuzigusa: kugomboa silaha, madini, nyara za serikali na vingine vya namna hiyo, na uwakala wa aina fulani za meli. Orodha hiyo imekuwa ikifanyiwa marekebisho, kwa hiyo mwenye kazi hizi asome toleo jipya. Kwangu mimi TASAC ni wakala mwenzangu ambaye pia ndiye anayenipa leseni.

Kwamba wanakagua boti za mbao Ukerewe, kusema kweli, nilikuwa najua kwa kusikia tu.

#9 Karani Mstaafu

Asante Forodha, umenirahisishia. Mmoja yuko bandarini, mwingine yuko mwaloni, na kila mmoja amekutana na kipande chake cha taasisi moja. Jina limechukuliwa kutoka kipande cha Forodha. Kazi inayomhusu Mvuvi haimo kwenye jina.

Ndiyo maana masjala hatukuishia kwenye kirefu. Tulipata kirefu ili tuweze kuipata sheria, kisha tukasoma sheria. Mvuvi, ingia tanzlii.org, ni wazi kwa kila mtu na hulipii. Tafuta Tanzania Shipping Agencies Act, Sura ya 415. Usitafute kwa kuandika TASAC, kwa sababu sheria nyingi hazikitumii kifupisho kwenye jina lake. Ndipo wengi wanapokwama: wanaandika kifupisho, hawaoni kitu, wanadhani sheria haipo.

Ukiipata usiisome yote. Nenda sehemu tatu.

Mwanzoni kuna kifungu cha tafsiri ya maneno. Hapo utaona sheria inamaanisha nini inaposema meli au chombo. Neno la sheria huwa pana kuliko la mtaani, na swali lako la "mimi sina meli" linajibiwa huko.

Kisha tafuta kifungu cha majukumu ya shirika. Utakuta yamegawanyika. Kuna ya uwakala na ugomboaji, anayoyajua Forodha. Kuna ya udhibiti: kusimamia huduma za bandari na za usafiri wa majini, na kusimamia usalama wa vyombo. Haya ndiyo waliyoyarithi kutoka SUMATRA, na hapa ndipo boti yako ilipo. Kazi ya usajili na ukaguzi wenyewe inatoka kwenye sheria nyingine, ya meli, ya mwaka 2003. SUMATRA ndiyo iliyokuwa ikiitekeleza, sasa wanaitekeleza TASAC. Taasisi moja kutekeleza sheria mbili au tatu ni jambo la kawaida, na jina lake litakuambia moja tu.

Mwisho kabisa wa sheria kuna masharti ya mpito. Watu hawafiki huko, nao ndio ukurasa muhimu kwa mwenye karatasi ya zamani. Hapo huelezwa leseni, madeni, kesi na watumishi wa chombo cha zamani vinakwenda wapi. Kawaida leseni iliyotolewa kabla huhesabika kama imetolewa na chombo kipya mpaka muda wake uishe. Kwa hiyo karatasi ya mzee haikukataliwa kwa sababu ya muhuri. Soma tarehe ya kuisha. Cheti cha ukaguzi wa chombo hakidumu miaka yote hiyo, hata SUMATRA ingekuwa hai leo boti ingehitaji kukaguliwa upya. Itunze hata hivyo, inaonyesha boti ilishawahi kuandikishwa na kwa jina la nani, na itakusaidia wakati wa kuhamisha umiliki.

#10 Mkunazini

Mie nataka kuongeza moja kwa anayesoma huu uzi akiwa visiwani. Msidanganywe na ile TA ya mwanzo. Inasema Tanzania, lakini TASAC shughuli zake ni Bara. Chombo kikiwa cha Unguja au Pemba, wenyewe ni ZMA, Zanzibar Maritime Authority, kwetu twaiita Mamlaka ya Usafiri Baharini.

Hii T inachanganya sana. TRA unaikuta mpaka Malindi, inakusanya kodi za Muungano. TCRA nayo ya pande zote, na NECTA watoto wetu wanafanya mitihani yake. Lakini TBS ya Bara, kwetu ni ZBS. EWURA haina hata T, nayo ya Bara, kwetu ni ZURA. Kwa hiyo herufi haikwambii kitu. Lazima utazame kama jambo lenyewe ni la Muungano au si la Muungano, na kifungu cha mwanzo cha kila sheria kinasema itatumika wapi. Karani hakukitaja hicho, na kwa mtu wa Zanzibar ndicho cha kwanza kusoma.

#11 Karani Mstaafu

Kweli kabisa Mkunazini. Kifungu cha matumizi, huwa cha pili kwenye sheria nyingi. Kiwekwe mbele ya vile vitatu.

#12 Nyali Bridge

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mkisema TRA, mtu wa hoteli ataelewa Tourism Regulatory Authority, ile inayotoa leseni za hoteli na magari ya watalii. Ya ushuru kwetu ni KRA. Nimewahi kuona mwenye lodge akituma swali kwa tovuti ya TRA ya Dar akiuliza leseni yake ya Diani.

Njia yangu ni kuangalia anwani ya tovuti. Ya serikali ya Kenya inaishia .go.ke, yenu .go.tz. Ukiandika kifupisho na hiyo mkia, kama tasac.go.tz, mara nyingi utafika mahali penyewe, na chini ya ukurasa wataandika wako chini ya wizara gani. Ikiwa anwani inaishia .com au .org na bado wanaitisha pesa kwa jina la serikali, mimi silipi.

#13 Mwalimu wa Kidato

Nimefuatilia tangu mwanzo na naona mmebaki upande wa vifupisho vya Kiingereza. Vya Kiswahili vina mtindo wake, na ukiujua unaweza kukifungua kifupisho bila kamusi.

Kiingereza hupenda herufi, Kiswahili hupenda silabi. TAKUKURU ni TA ya Taasisi, KU ya Kuzuia, KU ya Kupambana, RU ya Rushwa. "Ya" na "na" hazihesabiwi. TAMISEMI ni Tawala, Mikoa, Serikali, Mitaa. BAKITA ni Baraza, Kiswahili, Taifa. Ndiyo maana ukiona kifupisho cha silabi wazi tupu, ambacho mtoto anaweza kukisoma, jaribu kwanza kukifungua kwa Kiswahili. BA ya mwanzo ni Baraza, TA ya mwanzo inaweza kuwa Taasisi au Tawala, na TA ya mwisho huwa Taifa au Tanzania.

Na silabi zinaweza kukuonyesha historia. Kabla ya 2007 ilikuwa TAKURU, Taasisi ya Kuzuia Rushwa. Sheria ya 2007 ikaongeza kupambana, jina likaongeza KU moja. Kwa Kiingereza PCB ikawa PCCB. Nimekutana na watu wazima wanaodhani TAKUKURU na PCCB ni ofisi mbili.

Ila mtindo una mipaka. MKURABITA ni Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania. Fungueni: M, KU, RA, BI, TA. Wanyonge, ambao mpango uliandikwa kwa ajili yao, hawana hata herufi moja humo. Ukijaribu kukijenga kirefu kutoka kwenye kifupisho peke yake hutawapata. Na tazama kwamba MKURABITA ni mpango, MKUKUTA ulikuwa mkakati. M ya mwanzo inakutahadharisha kwamba huenda hutafuti ofisi yenye sheria yake.

Kisha kuna vifupisho vya barua za kiserikali ambavyo havikutengenezwa vitamkike. OR-MUUUB. Nilipokiona kwenye waraka mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji. OR ni Ofisi ya Rais, kisha Menejimenti, Utumishi, Umma, Utawala, Bora. U tatu mfululizo, na zote ziko mahali pake. Kistari ndicho ufunguo: kilicho kabla ya kistari ni ofisi kubwa, OR au OWM yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, na kilicho baada yake ni sehemu ya ofisi hiyo.

#14 Chalinze Mpya

Hapo kwenye U tatu nimejifunza. Ila nauliza, kwa nini TASAC isiitwe kwa Kiswahili? Shirika la Uwakala wa Meli lingekuwa SHIUMETA au kitu kama hicho. Mvuvi angekuwa ameelewa mapema.

#15 Mwalimu wa Kidato

Asingeelewa, maana hata kwa Kiswahili jina lingesema uwakala wa meli. Tatizo la Mvuvi ni jina kusema kazi moja kati ya nyingi, na hilo halihusu lugha. TEMESA kwa Kiswahili ni Wakala wa Ufundi na Umeme. Nani anayepanda kivuko cha Kigamboni angefikiri kwamba wakala wa ufundi na umeme ndio wenye kivuko?

#16 Fundi Saa

Wakuu naombeni na mimi. Nina risiti ya marehemu baba, ya kiwanja, juu imeandikwa MCC na namba. Kirefu chake nini? Nataka kufuatilia kiwanja hicho.

#17 Karani Mstaafu

Fundi, CC mwishoni mwa kifupisho kwenye karatasi ya kiwanja ina uwezekano mkubwa ni City Council, halmashauri ya jiji. Shida ni M. Mwanza ni jiji na Mbeya ni jiji. Angalia anwani, sanduku la posta, jina la kitalu au mtaa. Angalia na mwaka, kwa sababu mji hupanda daraja: karatasi ya kabla haujawa jiji itasema MC, manispaa, na kabla ya hapo pengine TC, mji. Bandika picha ya sehemu ya juu, funika jina na namba ya kiwanja.

#18 Mvuvi wa Nansio

Nimerudi. Nimeisoma ile sheria kwa simu, Kiingereza chake kizito, lakini kifungu cha majukumu nimekipata na nimeona usalama wa vyombo umo. Na karatasi ya mzee kweli muda wake uliisha zamani, tarehe iko chini kabisa kwa maandishi madogo.

Nimebakiwa na moja. Mwaloni wamesema pia nihakikishe leseni ya uvuvi kutoka Ukerewe DC. Nimeuliza ofisi ya DC iko wapi nikaonyeshwa kwa mkuu wa wilaya. Ndiyo huko?

#19 Karani Mstaafu

Hapana, ngoja. DC inasimamia vitu viwili na vyote viko wilayani kwako. Peke yake, mtaani, "DC" ni District Commissioner, mkuu wa wilaya, ni mtu. Ikifuata jina la mahali, Ukerewe DC, Magu DC, Sengerema DC, ni District Council, halmashauri ya wilaya. Leseni ya uvuvi ya boti kama yako inashughulikiwa halmashauri, muulizie afisa uvuvi. Bosi wa pale ni mkurugenzi mtendaji, huyo anaitwa DED. Ukiona DC kwenye karatasi tazama kama imetanguliwa na jina la mahali au la.

Na zingatia kwamba hizo ni karatasi mbili za mambo mawili. Ya TASAC inahusu chombo, kama ni salama kuelea na kubeba. Ya halmashauri inahusu kuvua. Moja haiondoi nyingine, kwa hiyo ukidaiwa zote mbili hujalipishwa kitu kimoja mara mbili.

#20 Forodha Kwanza

Mvuvi, na jina lingine la kukuchanganya liko njiani: TASHICO. Hao ni kampuni ya meli ya serikali, waliokuwa wanaitwa MSCL, wenye MV Victoria. TASHICO anaendesha meli, TASAC anamkagua anayeendesha. TPA ndio wenye bandari na gati. Ukifika Mwanza mjini utaona vibao vya watu hawa wote kandokando ya ziwa, soma kila kifupisho mpaka herufi ya mwisho.

Karani, hoja moja sikubaliani nawe. Umesema jina limechukua kipande kimoja tu cha kazi, kana kwamba ni bahati mbaya. Mimi naona sheria ya 2017 ilikusudia hivyo. Uwakala ndio ulikuwa moyo wake na udhibiti uliongezwa humo. Ndiyo maana mdhibiti na mfanyabiashara wamekaa chumba kimoja.

#21 Karani Mstaafu

Ukihesabu vifungu utaona udhibiti umechukua nafasi kubwa kuliko unavyosema, na ulikuwemo tangu siku ya kwanza. Lakini kwamba wote wawili wako chumba kimoja, hilo siwezi kulipinga. Nasimama kwenye hili tu: mtu asitegemee jina.

#22 Forodha Kwanza

Tutalijadili kwenye uzi wake. Nitaufungua nikishapata toleo lenye marekebisho yote.

#23 Mama Neema

Afisa maendeleo wa kata nimempata, kasema tulete katiba ya kikundi na namba ya akaunti. Kanitajia mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake, si TASAF. Nimeuliza kirefu cha kila kitu kabla sijaondoka, na nimeandika kwenye daftari.

#24 Karani Mstaafu

Vizuri sana mama. Fundi Saa, picha bado tunaisubiri. Kama risiti ina namba ya kumbukumbu inayoanza na herufi, usiikate, hiyo ndiyo itakayotuambia ni masjala ya wapi.